Usiue: shoka lililochomoka, shamba la Nabothi na kitenzi kilichowasumbua wafasiri

Fungua kitabu cha Kutoka, sura ya 20, mstari wa 13, utakuta amri ya neno moja: Usiue. Endelea kusoma. Hujaenda mbali katika sura ya 21 utakuta kwamba anayempiga mtu hata akafa, naye hana budi kuuawa. Adhabu hiyohiyo imewekewa anayempiga baba yake au mama yake, na anayemwiba mtu akamuuza. Ukifika vitabu vya Yoshua na Samweli utakutana na vita baada ya vita, na mara nyingi inasemwa kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyeviamuru.

Vijana wa kipaimara huuliza swali hili, na wazee huliuliza pia: Mungu aliyekataza kuua anaamuruje watu wauawe? Siku hizi jibu hutolewa haraka. Watu huambiwa kwamba Kiebrania hakisemi “usiue” bali kinasema “usifanye mauaji ya kukusudia”, na kwamba wafasiri wa zamani walikosea. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu. Anayeishia hapo atakwama akifika Hesabu sura ya 35, ambako kitenzi hichohicho kinamhusu mtu ambaye hakukusudia lolote.

Kabla ya kwenda mbele, neno moja kuhusu hesabu, kwa sababu huleta mabishano yasiyo na sababu. Wakatoliki na Walutheri huiita hii amri ya tano. Wayahudi, Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste huiita ya sita. Amri ni ileile. Tofauti imetokana na namna ya kugawa mistari ya mwanzo inayohusu miungu mingine na sanamu.

Herufi sita

Kwa Kiebrania amri hii ina maneno mawili na herufi sita tu: lo tirtsakh. Neno la kwanza, lo, ni katazo la kudumu, lisilo la leo wala la jambo moja. La pili linatokana na kitenzi ratsakh. Baada yake hakuna kitu. Haikutajwa asiuawe nani, wala kwa silaha gani, wala kwa nia gani. Kama ilivyo “Usiue” ya Kiswahili, amri inatamkwa na kukoma.

Sasa, Kiebrania hakina upungufu wa vitenzi vya kuua. Kipo harag, ambacho ni kuua kwa jumla, vitani au nyumbani, kwa haki au kwa dhuluma. Kipo hemit, yaani kufisha, kumsababishia mtu kifo. Kipo shakhat, ambacho ni kuchinja, hasa mnyama wa sadaka. Na kipo kitenzi cha kupiga, ambacho mara nyingi maana yake ni kupiga hadi kuua. Harag kinapatikana katika Biblia ya Kiebrania zaidi ya mara 160, na hemit zaidi ya mara 200. Ratsakh kinapatikana mara 47 hivi, na zaidi ya nusu ya mara hizo ni katika sheria za jambo moja tu, miji ya makimbilio, ambayo tutaifikia.

Tuanze na mahali ambapo kitenzi hiki hakipo. Hakitumiki kwa askari anayemuua adui vitani. Daudi alipomuua Goliathi, mwandishi alichagua hemit. Hakitumiki kwa Mungu anapoua. Hakitumiki kwa kuchinja ng’ombe wala kondoo. Anayeuawa siku zote ni binadamu, na anayeua ni binadamu pia, isipokuwa pahali pamoja katika Mithali 22, ambapo mvivu anajitetea kwamba hawezi kutoka nje kwa sababu kuna simba atakayemuua njiani. Kwa hiyo aliyesema kwamba amri hii haikutungwa kuzuia kuchinja mbuzi, na kwamba Waisraeli wa kale hawakuisikia kama katazo la vita, amesema sawa.

Na kinapotumika nje ya sheria, mara nyingi ni kwa uovu ulio wazi. Hosea na Yeremia wanakiweka kwenye orodha pamoja na wizi na uzinzi. Zaburi ya 94 inakitumia kwa waovu wanaowaua yatima. Kitabu cha Ayubu kinamtaja muuaji anayeamka alfajiri kwenda kumuua maskini. Hapo tafsiri ya “mauaji” inakaa vizuri kabisa.

Lakini yapo mambo mawili ya kututia breki. La kwanza ni kwamba mauaji yanayokumbukwa kuliko yote katika Biblia hayakuandikwa kwa kitenzi hiki. Kaini alipomwinukia Habili kondeni, neno ni harag. Nabii Nathani alipomshtaki Daudi kwa kumwondoa Uria Mhiti, alitumia kitenzi cha kupiga, kisha harag. Kwa hiyo waandishi hawakuwa na neno moja maalumu walilolitoa kila mara mtu alipouawa kwa dhuluma. La pili ni zito zaidi, nalo linahusu shoka.

Mtu aliyekwenda kukata kuni

Kumbukumbu la Torati 19 inatoa mfano ambao mkazi yeyote wa kijijini ataupata mara moja. Watu wawili wanakwenda msituni kukata kuni. Mmoja anainua shoka, anashusha kwa nguvu, na chuma kinachomoka kwenye mpini. Kinampiga mwenzake, naye anafariki. Hapakuwa na ugomvi jana wala juzi, na andiko linalisema hilo waziwazi: hakuwa na chuki naye tangu hapo.

Mtu huyu anaitwa nani kwa Kiebrania? Anaitwa rotseakh. Ni jina linalotokana na ratsakh, kitenzi kilekile cha amri. Kwa lugha yetu, ni muuaji.

Hapa ndipo tafsiri ya “mauaji ya kukusudia” inapovunjika. Hakuna mahakama duniani itakayosema kwamba mtu aliyechomokwa na shoka amekusudia kuua. Hata hivyo Torati inampa jina lilelile inalompa aliyevizia njiani na kisu. Kumbukumbu la Torati 4 inalisema hata kwa namna ambayo “kukusudia” isingeweza kuingia: inamzungumzia rotseakh aliyemuua mwenziwe pasipo kujua.

Kwa nini jina moja kwa watu wawili walio tofauti hivi? Jibu liko katika kinachofuata baada ya kifo. Katika jamii ile hapakuwa na polisi wala mwendesha mashtaka. Mtu akiuawa, ndugu wa karibu wa marehemu alikuwa na wajibu wa kutwaa kisasi cha damu. Ndugu huyo hakuwepo msituni. Anachojua ni kwamba kaka yake amekwenda kukata kuni na fulani, na ameletwa maiti. Damu imemwagika na inamdai mtu. Anayedaiwa damu hiyo, awe amekusudia au hakukusudia, ndiye rotseakh.

Ndiyo maana sheria inamwambia akimbie kwanza, kesi ije baadaye. Ilitengwa miji sita: Kedeshi, Shekemu na Hebroni magharibi ya Yordani, na Beseri, Ramothi na Golani mashariki. Njia za kwenda huko ziliagizwa zitengenezwe, kwa hofu kwamba safari ikiwa ndefu mlipiza kisasi atamfikia mkimbizi moyo wake ungali na moto. Kwa mujibu wa Yoshua 20, mkimbizi alisimama langoni, akawaeleza wazee wa mji habari yake, nao wakampa mahali pa kukaa mpaka asimame mbele ya mkutano kuhukumiwa.

Hapo ndipo nia ilipopimwa, na Hesabu 35 inaonyesha vipimo vyenyewe. Waamuzi walitazama kilichoshikwa mkononi: je, kilikuwa chombo cha chuma, jiwe lenye ukubwa wa kuua, au rungu linaloweza kuua? Walitazama namna: je, alimvizia, au alimsukuma ghafla? Walitazama historia: je, palikuwa na uadui kati yao? Akionekana amekusudia, alikabidhiwa auawe, na sheria ilikataza kupokea fidia ili aachiliwe. Tajiri hakuweza kununua uhai wake. Akionekana hakukusudia, alirudishwa katika mji wa makimbilio na kukaa humo mpaka kuhani mkuu afe. Hata yeye hakuruhusiwa kulipa fidia ili arudi kwao mapema.

Huyu wa pili hakuwa na hatia ya kuua kwa makusudi, lakini hakuambiwa aende nyumbani kama vile hakuna kilichotokea. Maisha yake yalisimama. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya tatu, inasimulia kwamba mama za makuhani wakuu waliwapelekea wakimbizi hao chakula na nguo, ili wasije wakaomba watoto wao wafe upesi. Ni habari inayotusaidia kuona jinsi mtu wa shoka alivyoishi: hakufungwa gerezani, hakuwa huru, na kila siku alisubiri kifo cha mtu ambaye hakumkosea.

Mistari miwili inayotia ugumu

Kama hilo halitoshi, Hesabu 35 ina mistari miwili ambayo kila mtaalamu wa kitenzi hiki hana budi kuikabili.

Mstari wa 27 unamtazama mkimbizi aliyetoka nje ya mpaka wa mji wake kabla ya wakati. Mlipiza kisasi akimkuta huko na kumuua, hana hatia ya damu. Kitenzi kinachotumika kwa kitendo cha mlipiza kisasi ni ratsakh. Yaani hapa kuna ratsakh ambayo sheria yenyewe inasema haina hatia.

Mstari wa 30 unaweka sharti la ushahidi: muuaji atauawa kwa kinywa cha mashahidi, na shahidi mmoja hatoshi kumpeleka mtu kifoni. Kitenzi cha kumuua muuaji huyo, kwa hukumu halali, ni ratsakh tena. Kwa hiyo aliyesema kwamba neno hili kamwe haligusi adhabu ya kifo hakuusoma mstari huu kwa Kiebrania.

Wapo wanaoamini kwamba mistari hii inarudia kitenzi kwa makusudi, ili adhabu ifanane na kosa: aliyefanya ratsakh naye afanyiwe ratsakh. Inawezekana. Wengine, akiwemo Brevadi Chailds, mwanazuoni Mmarekani aliyeandika ufafanuzi mkubwa wa kitabu cha Kutoka uliotoka mwaka 1974, waliona dalili kwamba kitenzi hiki kilianza katika ulimwengu wa kisasi cha damu, kikiwa jina la kuua kunakoamsha kisasi na la kisasi chenyewe, na kwamba baadaye kikaegemea zaidi upande wa kuua kwa chuki na uovu. Maelezo haya yana faida moja kubwa: yanaiweka mistari yote pamoja, ya shoka, ya mlipiza kisasi na ya manabii, bila kulazimika kuufumbia macho wowote.

Tukiyakubali, amri inasomeka kwa uzito mpya. Waliosimama chini ya mlima Sinai walikuwa watu ambao kila mmoja angeweza kujikuta analazimika kutwaa damu ya ndugu yake. Kuambiwa lo tirtsakh, bila kutajwa nani wala kwa nini, ni kunyang’anywa mamlaka hiyo mkononi. Uhai wa jirani si wako kuutoa, hata ukiwa na uchungu wa haki. Baada ya hapo sheria zinafuata kueleza nani atahukumu, kwa mashahidi wangapi, na mahali gani.

Mfalme ambaye hakugusa jiwe

Mfano wa pili unatoka upande wa pili kabisa wa shoka. Umo katika 1 Wafalme 21.

Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu Yezreeli, jirani na jumba la mfalme Ahabu. Ahabu alilitaka liwe bustani ya mboga. Aliahidi kumpa shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, kwa sababu ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake. Mfalme akaenda kulala, akageuza uso, akasusa chakula.

Malkia Yezebeli akalishika jambo. Aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazipiga muhuri wake, akazituma kwa wazee wa mji. Tangazeni mfungo, aliagiza. Mketisheni Nabothi mbele ya watu. Waleteni watu wawili washuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Wazee wakafanya hivyo neno kwa neno. Kikao kiliitishwa, mashahidi walikuwa wawili kama sheria inavyotaka, mashtaka yalikuwa ya kosa lenye adhabu ya kifo, na hukumu ilitekelezwa nje ya mji kama desturi. Nabothi akapigwa mawe akafa. Ahabu akashuka kwenda kulimiliki shamba.

Eliya akakutana naye hukohuko shambani, na shtaka aliloagizwa kumpa ni la vitenzi viwili: umefanya ratsakh, na tena umerithi?

Tazama nani anaambiwa. Ahabu hakuandika barua, hakutoa ushahidi, hakurusha jiwe. Wakati Nabothi anauawa, huenda alikuwa bado kitandani. Na kilichofanyika, kwa anayetazama karatasi tu, ni utekelezaji wa hukumu. Ukisema ratsakh ni “kuua kinyume cha sheria”, Ahabu angeweza kujibu kwamba kila kipengele cha sheria kilifuatwa. Nabii hakumsikiliza. Damu ilikuwa inamdai aliyenufaika nayo na aliyeacha muhuri wake utumike.

Ukiwaweka pamoja mtu wa shoka na mfalme wa Samaria, unaona eneo lote la kitenzi. Upande mmoja kuna mkono ulioua bila nia. Upande mwingine kuna nia na faida bila mkono. Wote wawili wanaitwa kwa neno moja, kwa sababu katika pande zote mbili kuna binadamu ambaye hakupaswa kufa na kuna mtu anayepaswa kujibu. Swali la ukubwa wa hatia linakuja baadaye, na majibu yake yanatofautiana mno: mmoja anapewa hifadhi, mwingine anatangaziwa kwamba mbwa watairamba damu yake.

Safari ya wafasiri

Wayahudi wa Aleksandria walioitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya tatu kabla ya Kristo walichagua kitenzi foneuo, ambacho kwa Kigiriki kinaegemea mauaji ya dhuluma. Agano Jipya linafuata hukohuko: Yesu anapoitaja amri hii katika Injili ya Mathayo, kitenzi ni foneuo. Hata hivyo wafasiri haohao walilitumia jina la namna hiyohiyo kwa mkimbizi wa Hesabu 35, kwa hiyo ugumu wa Kiebrania waliubeba wakaupeleka kwenye Kigiriki.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Kilatini. Biblia ya Yeronimo, iliyofanyiwa kazi mwishoni mwa karne ya nne na mwanzoni mwa ya tano, inasema non okides, na kitenzi chake, okidere, ni kuua kwa jumla. Athari zilionekana mara moja Afrika Kaskazini. Askofu Augustino wa Hipo, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, alilazimika kueleza kwamba amri haimaanishi mimea wala wanyama, kwa sababu walikuwepo watu walioivuta hadi huko. Alieleza pia kwamba vita vilivyoamriwa na Mungu na hukumu ya mamlaka halali havivunji amri, na kwamba kujiua kunaivunja, kwa kuwa anayejiua naye ameua mtu. Neno likiwa pana, mwalimu hulazimika kuyataja yaliyo ndani na yaliyo nje.

Katika karne ya 12, huko Ufaransa ya kaskazini, Rabi Samweli mwana wa Meiri, mjukuu wa mfafanuzi maarufu Rashi, aliwakosoa Wakristo kwa jambo hilihili. Alisema ratsakh ni kuua pasipo haki, lakini harag na hemit vinaweza kuwa vya haki au vya dhuluma. Kisha akaonyesha kidole mahali penyewe. Katika Kumbukumbu la Torati 32, Mungu anasema kwamba yeye hufisha na huhuisha. Kiebrania hapo kinatumia hemit, lakini Kilatini kinatumia okidere, kitenzi kilekile cha amri. Kwa Kilatini, basi, inaonekana Mungu anafanya kitendo kilekile alichokikataza. Hoja yake ni kali na ni ya kweli, ingawa aliposema kwamba ratsakh siku zote ni kuua bila haki, alikwenda mbali kuliko mistari miwili tuliyoitazama.

Lugha za Ulaya zilizorithi kanisa la Kilatini zilirithi pia upana wake. Luta, kwa Kijerumani, alichagua kitenzi cha kuua kwa jumla. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme Yakobo ya 1611 inasema kuua katika Kutoka, lakini katika Mathayo 19, amri ileile ikitoka kinywani mwa Yesu, inasema mauaji. Na katika Hesabu 35 wafasiri wake walimwita mkimbizi kwa neno moja na mwenye hatia kwa neno lingine, ilhali Kiebrania kina neno moja tu kwa wote. Msomaji wa Kiingereza, kwa hiyo, hakuweza kuona kwamba watu hao wawili wanashiriki jina.

Wayahudi waliotoa Biblia yao ya Kiingereza mwaka 1917 waliandika mauaji. Waprotestanti wengi waliwafuata baadaye. Tafsiri ya Kiingereza iliyopendwa sana makanisani, ambayo mwaka 1952 ilisema kuua, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1989 ilibadilishwa kuwa mauaji, na neno la zamani likashushwa kwenye tanbihi. Badiliko hilo halikupita kimya. Mwanazuoni wa Agano la Kale Wilma Beili alichapisha kitabu kizima mwaka 2005 kulipinga, akisema kwamba neno jembamba linampa msomaji ruhusa ambayo Kiebrania hakikumpa. Wakatoliki nao wameendelea na “usiue”, na Katekisimu yao inaongeza ufafanuzi kwa kutumia Kutoka 23, inayokataza kumuua asiye na hatia na mwenye haki.

Kiswahili kinafanya nini

Biblia ya Muungano ya 1952 inasema “Usiue”, na Biblia Habari Njema inasema hivyohivyo. Sababu moja ni kwamba Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kawaida chenye maana ya kuua kwa dhuluma peke yake. Tunaua mbu, tunaua nyoka, na jambazi anaua mtu, vyote kwa kitenzi kimoja. Tukitaka kutofautisha, tunaongeza maneno. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina kuua bila kukusudia katika kifungu cha 195 na kuua kwa kukusudia katika kifungu cha 196. Ya Kenya inayaweka makosa hayohayo katika vifungu vya 202 na 203. Anayesoma gazeti anajua kwamba maneno hayo mawili, bila na kwa, ndiyo yanayoamua kama mshtakiwa anakabiliwa na adhabu ya kifo.

Mfasiri angeweza kuyaleta mahakamani maneno hayo hadi Sinai akaandika “Usiue kwa kukusudia”. Angepata faida: swali la vita na adhabu ya kifo lingepungua makali. Lakini angepoteza zaidi. Kwanza, angeweka ndani ya amri sharti ambalo Kiebrania hakina. Pili, angekata uzi unaounganisha amri na miji ya makimbilio, maana mtu wa shoka asingehusika tena na Sinai. Tatu, angempa msomaji mwanya. Dereva anayejua breki za basi hazishiki na bado akapakia abiria hakukusudia kumuua mtu. Fundi anayepunguza saruji kwenye nguzo hakukusudia. Torati haiwaachi hivihivi: Kumbukumbu la Torati 22 inamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta kandokando ya dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka, na Kutoka 21 inamhukumu mwenye ng’ombe mkali aliyeonywa akapuuza hata ng’ombe akaua. Sheria hizo hazitumii ratsakh, lakini zinazungumzia jambo lilelile: damu inayomdai mtu ambaye hakutaka imwagike.

Upande wa pili, “Usiue” peke yake inabeba zaidi ya kitenzi cha Kiebrania. Haiwezi kutumiwa yenyewe kuthibitisha kwamba vita vyote ni haramu, au kwamba Torati ilikataza adhabu ya kifo, au kwamba kula nyama ni dhambi. Anayepinga vita au kitanzi ana hoja nyingi nzuri za kujenga, zikiwemo za Mahubiri ya Mlimani, na Papa Fransisko aliposahihisha Katekisimu mwaka 2018 na kusema adhabu ya kifo haikubaliki, alijenga juu ya utu wa binadamu. Hakuhitaji kusema kwamba herufi sita za Kiebrania ndizo zilizosema hivyo.

Kwa maoni yangu, wafasiri wetu walifanya vyema kuiacha “Usiue” kama ilivyo, na ingekuwa vyema zaidi kama toleo lijalo lingeweka chini ya mstari huo tanbihi fupi yenye mambo matatu: kwamba kitenzi hiki hakitumiki kwa vita wala kwa wanyama, kwamba kinamhusu hata aliyeua bila kujua, na kwamba msomaji aende Hesabu 35. Mpaka hapo, mwalimu wa katekisimu anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa kipindi kimoja. Amri isomwe pamoja na habari ya shoka katika Kumbukumbu la Torati 19 na habari ya Nabothi katika 1 Wafalme 21. Kisha wanafunzi waulizwe, kwa kila kifo cha kwenye habari za juma hilo, si tu nani alishika kisu, bali damu ya huyu inamdai nani.